Kupima nguvu ya mawimbi ya redio kwa pawamita: namba ya ugezi inarekebisha nini, na kutolingana kunaacha shaka kiasi gani

Swali linalorudi kila mara kutoka kwa mafundi na wanafunzi wanaoanza ni hili: "Nimeingiza namba ya ugezi ya sensa kama ilivyoandikwa kwenye lebo. Mbona nikibadilisha sensa, jenereta ileile inanipa jibu jingine?" Wengi hudhani sensa moja imekufa. Mara nyingi zote mbili ni nzima. Namba ya ugezi hurekebisha hasara za sensa yenyewe, lakini haigusi kile kinachotokea kati ya sensa na chanzo unachokipima. Mwongozo huu unakupitisha kwenye kipimo kimoja hadi mwisho, yaani jenereta ya mawimbi iliyowekwa 6 GHz, ikitoa karibu 10 mW, na sensa ya thamokapo ya aina ya 8481A. Utaiona tofauti hiyo kwa hesabu.

Vitu vya kuandaa

Uwe na pawamita yenye tundu la rejea la 50 MHz linalotoa 1 mW, sensa pamoja na kebo yake, na cheti cha ugezi cha sensa hiyohiyo. Linganisha namba ya usajili iliyo kwenye cheti na iliyo kwenye mwili wa sensa kabla ya kufanya lolote, kwa sababu sensa mbili za modeli moja hazina namba sawa za ugezi. Tafuta pia karatasi ya kiwanda ya jenereta inayoonyesha `SWR` ya tundu lake la kutolea, yaani kipimo cha jinsi tundu hilo linavyoakisi wimbi, atenueta ya 10 dB inayofika angalau 6 GHz, kikokotoo, pamba isiyoacha nyuzi na alkoholi ya aisopropili. Ukipata spana ya toki ya konekta za N, iwe ya takriban nyuton-mita 1.35.

Hapa Dodoma usiichukulie alkoholi na pamba kama ziada. Miezi ya kiangazi vumbi laini huingia kwenye konekta iliyoachwa wazi usiku mmoja tu, na punje moja kwenye uso wa kugusana inatosha kubadilisha jinsi konekta inavyoakisi wimbi kwenye GHz kadhaa. Vifuniko vya plastiki virudishe kila unapochomoa.

Nadharia kidogo, ya kukuwezesha kuhesabu

Sensa haipokei nguvu yote inayofika kwake. Sehemu ndogo inaakisiwa kurudi ilikotoka, na sehemu nyingine inapotea ndani ya sensa bila kugeuzwa kuwa usomaji. Namba ya ugezi, inayoandikwa K au `CAL FACTOR`, inajumlisha hasara zote mbili. Sensa yenye K ya 96.8% inaonyesha sehemu 96.8 kwa kila 100 zilizofika. Ukigawanya usomaji kwa K, unapata nguvu ambayo chanzo kingeupa mzigo kamili wa ohmu 50, ila kwa sharti moja: chanzo chenyewe kiwe na ohmu 50 kamili.

Sharti hilo halitimii. Wimbi lililoakisiwa na sensa likirudi kwenye jenereta, sehemu yake inaakisiwa tena kuja mbele na kukutana na wimbi la awali. Yakikutana kwa awamu moja usomaji unapanda, yakipingana unashuka. Kwa kuwa kwa kawaida hujui awamu hizo, huwezi kurekebisha. Unachoweza ni kutaja mipaka ya kosa. Huo ndio msingi wa shaka ya kutolingana.

```
rho = (SWR - 1) / (SWR + 1)
P = Pm / K
mpaka (%) = 100 * ((1 ± rho_g * rho_l)^2 - 1)
u (%) = 141.4 * rho_g * rho_l
```

Hapa `rho_g` ni uakisi wa jenereta, `rho_l` ni wa sensa, `Pm` ni usomaji kabla ya kurekebishwa, na `u` ni shaka sanifu. Hatua ya 8 inaeleza 141.4 inatoka wapi.

Hatua za kazi

1. Washa pawamita na jenereta, kisha subiri nusu saa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hata kwa dakika chache, anza kusubiri upya na urudie hatua ya 3 na ya 4. Kama sensa imetoka kwenye gari lililokuwa juani, iache mezani mpaka ifikie joto la chumba. Thamokapo inapima nguvu kupitia joto, kwa hiyo sensa inayoendelea kupoa itaonyesha nguvu isiyokuwepo.

2. Kagua konekta kwa macho, safisha, kisha unganisha. Shika mwili wa sensa usizunguke na ukaze nati peke yake. Ukizungusha mwili, pini ya kati inasagana na tundu lake, na madhara yake yanaonekana kwanza kwenye masafa ya juu huku 50 MHz ikiendelea kuonekana salama. Usiingize sensa ya ohmu 50 kwenye tundu la N la ohmu 75 la vifaa vya televisheni. Pini ya ohmu 50 ni nene zaidi na itapasua tundu.

3. Weka sifuri. Unganisha sensa kwenye tundu la rejea likiwa limezimwa, halafu bonyeza `ZERO`. Kwa 10 mW kosa la sifuri halionekani, lakini karibu na 1 µW, ambako ndiko mwisho wa chini wa sensa hii, linaweza kuharibu kipimo kizima. Usiweke sifuri huku mawimbi yanaingia.

4. Ingiza namba ya ugezi ya 50 MHz kutoka kwenye cheti, kwenye mita nyingi inaitwa `REF CF`, washa rejea, kisha bonyeza `CAL`. Mita itajirekebisha mpaka isome 1.000 mW. Hatua hii inaifunga mita na sensa kwenye nguvu inayojulikana. Kosa lililozoeleka hapa ni kuingiza namba ya 6 GHz kabla ya `CAL`. Mita itakubali bila kulalamika, na kila usomaji utakaofuata utakuwa na kosa lilelile.

5. Zima rejea. Badilisha namba ya ugezi iwe ya masafa unayopima. Tuseme cheti kina 97.6% kwenye 4 GHz na 96.8% kwenye 6 GHz. Kwa kipimo chetu ingiza 96.8. Ungekuwa unapima 5 GHz, ungechukua katikati, 97.2. Kugawa kwa mstari ulionyooka kati ya namba mbili jirani kunatosha ikiwa namba zinashuka taratibu. Zikiruka kwa zaidi ya asilimia moja na nusu kati ya nukta jirani, punguza imani yako hapo katikati na uongeze shaka.

   Mita za zamani zina swichi ya kuzungusha yenye hatua za asilimia moja moja. Kwa mita hizo ni afadhali uache swichi kwenye 100 na ugawanye kwa mkono. Kuweka 97 badala ya 96.8 ni kujiongezea kosa la 0.2% bila sababu.

6. Kabla ya kuunganisha, hakikisha nguvu haizidi uwezo wa sensa. Sensa hii hupima kati ya −30 dBm na +20 dBm, na wastani wa 300 mW ndio mwisho wa uhai wake. Anza jenereta ikiwa chini, unganisha sensa moja kwa moja kwenye tundu lake, halafu panda mpaka kiwango unachotaka. Usiweke adapta kama unaweza kuikwepa. Namba ya ugezi ni ya konekta ya sensa. Ukiongeza adapta, upotevu wake na uakisi wake vinakuwa nje ya cheti.

7. Subiri usomaji utulie, kisha andika. Tuseme mita, ikiwa bado na 100, ingesoma 9.40 mW. Kwa K ya 96.8% jibu ni 9.40 ÷ 0.968 = 9.71 mW, yaani 9.87 dBm. Bila namba ya ugezi ungeripoti 9.73 dBm, pungufu kwa 0.14 dB.

   Usiongeze hapo rekebisho la nguvu iliyoakisiwa na sensa. Tayari limo ndani ya K, na ukiliongeza unalihesabu mara mbili. Vilevile usigawanye kwa (1 − rho_g²) ya jenereta. Hesabu hiyo inatoa nguvu ya juu kabisa ambayo jenereta ingeweza kuupa mzigo uliolinganishwa nayo, na hicho ni kitu kingine. Jenereta ikiandikwa 10 dBm, maana yake ni 10 dBm kwenye ohmu 50. Kwa jenereta yetu kosa hilo lingefikia 0.44 dB, mara tatu ya rekebisho la K.

8. Hesabu shaka ya kutolingana. Karatasi ya jenereta inasema `SWR` haizidi 1.9 kwenye 6 GHz. Ya sensa inasema haizidi 1.18 kati ya 2 na 12.4 GHz.

   Uakisi wa jenereta ni 0.9 ÷ 2.9 = 0.310. Wa sensa ni 0.18 ÷ 2.18 = 0.0826. Zidisha: 0.0256. Mipaka inakuwa takriban +5.2% na −5.1%, au +0.22 dB na −0.23 dB. Kwa hiyo rekebisho la 3.2% tulilolifanya kwa uangalifu kwenye hatua ya 7 ni dogo kuliko shaka ambayo hatukuigusa kabisa.

   Ili kuichanganya na shaka nyingine unahitaji shaka sanifu. Awamu isipojulikana, matokeo hurundikana zaidi karibu na mipaka miwili kuliko katikati, kwa umbo la herufi U. Kwa umbo hilo mpaka unagawanywa kwa kipeuo cha pili cha 2, si cha 3 kama ilivyo kwa mipaka mingi ya karatasi za kiwanda. Ndipo inapotoka 141.4: ni 200 ÷ 1.414. Tunapata 3.62%.

9. Jumlisha shaka zote. Chukua kila moja kama shaka sanifu, ipandishe kwa kipeo cha pili, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwa mfano wetu tuseme cheti kinatoa shaka ya K kuwa 1.8% kwa k = 2, yaani shaka sanifu iliyozidishwa mara mbili, hivyo 0.9%. Rejea ya 1 mW ina mpaka wa 1.2%, ukigawanywa kwa 1.732 ni 0.69%. Elektroniki ya mita ina mpaka wa 0.5%, hivyo 0.29%. Kutolingana pia kupo wakati wa `CAL`. Rejea yenye `SWR` ya 1.05 na sensa yenye 1.10 kwenye 50 MHz vinatoa 0.16%.

   Jumla ni 3.81%, na kwa k = 2 ni 7.6%. Ripoti: 9.71 mW ± 0.74 mW. Ukitoa kutolingana kwa 6 GHz, shaka nyingine zote kwa pamoja ni 1.2% tu. Kutumia fedha kusafirisha sensa kwa ugezi bora zaidi hakungebadilisha jibu hili kwa kiasi cha maana. Kumbuka pia kwamba shaka moja yenye umbo la U inapotawala hivi, k = 2 inakupa eneo pana kuliko lazima, kwa sababu kutolingana kwenyewe hakuwezi kuvuka 5.2%. Ni upana wa upande wa usalama. Uache, ila uutaje kwenye ripoti.

Atenueta inasaidia lini

Ushauri unaotolewa haraka ni "weka atenueta ya 10 dB katikati". Ni ushauri mzuri, lakini nusu yake huwa haisemwi, na hapo ndipo wengi wanapokosea.

Atenueta ya 10 dB inalipunguza wimbi linalorudi mara mbili, likienda na likirudi, hivyo uakisi wa jenereta unaoonekana upande wa pili unabaki sehemu moja ya kumi. 0.310 inakuwa 0.031. Lakini atenueta nayo ina uakisi wake. Kwa `SWR` ya 1.15 ni 0.070. Kwa hali mbaya zaidi vinajumlishwa kuwa 0.101, na sensa sasa inakutana na chanzo hicho. Zidisha na 0.0826 na mpaka unakuwa 1.7% badala ya 5.2%.

Hapo wengi husimama na kuandika 1.7%. Lakini kuna muungano wa pili, kati ya jenereta na upande wa kuingilia wa atenueta: 0.310 × 0.070 = 0.0217, mpaka wa 4.4%. Ukitaka kujua nguvu ya jenereta kwenye tundu lake, kutolingana hakukuondoka, kumehamia muungano mwingine. Kwa pamoja mipaka hiyo inafikia 6%, mbaya kuliko ulivyoanza, na bado hujaweka shaka ya atenueta yenyewe, kwa sababu 10 dB iliyoandikwa juu yake inaweza kuwa 10.2.

Kwa hiyo amua kwanza unataka nguvu ya wapi. Kama jenereta itatumika kupimia vipokezi, iache atenueta imefungwa kwenye tundu kama sehemu ya jenereta, na upime nguvu inayotoka kwenye atenueta. Muungano wa ndani haubadiliki tena na haukuhusu, hata namba kamili ya atenueta haikuhusu. Shaka ya kutolingana inashuka hadi 1.2%, na jumla kwa k = 2 inashuka kutoka 7.6% hadi 3.3%. Ila atenueta ikifunguliwa na kufungwa upya, rudia kipimo. Kama ni lazima uijue nguvu kwenye tundu la jenereta lenyewe, usiweke atenueta. Tafuta sensa yenye `SWR` ndogo zaidi.

Neno kwa mafundi wa vituo vya FM: kwenye 98 MHz namba ya ugezi ya sensa hizi iko karibu sana na 100%, na `SWR` ya sensa haizidi 1.10. Msihangaike na desimali za K. Hatari yenu iko kwenye atenueta kubwa au kapla inayoshusha wati mia kadhaa hadi milliwati, kwa sababu kosa la 0.3 dB hapo linaingia lote kwenye jibu. Hiyo ndiyo ya kupimwa kwanza.

Mambo yakienda kombo

*Sensa mbili zinapishana.* Kabla ya kulaumu sensa, hesabu mpaka wa kila moja na jenereta hiyo. Kwa mfano wetu moja inaweza kuwa juu kwa 5% na nyingine chini kwa 5%, hivyo tofauti ya hadi 0.45 dB si ushahidi wa ubovu. Zijaribu tena kupitia atenueta iliyofungwa kwenye jenereta. Tofauti ikipungua sana, chanzo kilikuwa kutolingana. Ikibaki ileile, tazama K uliyoingiza, kisha konekta.

*Unataka kuona kutolingana kwa macho.* Weka kebo nzuri ya mita moja kati ya jenereta na sensa, halafu sogeza masafa kwa hatua za 10 MHz kuzunguka 6 GHz. Usomaji ukipanda na kushuka kwa mpangilio, mzunguko mmoja kila 105 MHz hivi kwa kebo yenye kasi ya 0.7, unaangalia mawimbi yanayorudi yakikutana na yanayokuja. Kebo ya nusu mita itatoa mzunguko wa 210 MHz. Mpangilio usipobadilika ukibadilisha urefu wa kebo, huo ni mtikisiko wa jenereta yenyewe.

*`CAL` inakataa au mita haifiki 1.000 mW.* Kagua `REF CF`, kisha kama rejea imewaka kweli, kisha kebo ya sensa. Vyote vikiwa sawa, huenda sensa imewahi kupewa nguvu kupita kiasi.

*`CAL` inapita lakini 6 GHz inasoma chini kuliko zamani.* Shuku pini iliyorudi ndani au uso wa konekta uliochakaa. Kipimo cha 50 MHz hakiwezi kuona kasoro hii. Sensa inahitaji ugezi upya kwenye masafa yote, na cheti cha zamani usikitumie tena.

*Usomaji unatambaa polepole.* Ondoa mkono kwenye sensa, geuza feni isiipulize, funga pazia kama jua la alasiri linaifikia, subiri dakika kumi na uweke sifuri tena. Ukiendelea kutambaa kwa mwelekeo uleule huku jenereta imezimwa, tatizo liko kwenye sensa au mita. Ukikoma jenereta ikizimwa, ni jenereta ndiyo haijapata joto.